Shilingi ya Kaya Maskini na Gharama ya Kuifikisha

Tuchukue mama mwenye watoto wanne: mmoja bado yuko mgongoni, wawili wako shule ya msingi, na mkubwa ameanza kidato cha kwanza. Kwa viwango vilivyotumika katika awamu ya kwanza ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule uliozinduliwa Tanzania mwaka 2012 chini ya TASAF, kaya hii ilistahili ruzuku ya msingi ya shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa kuwa ina watoto, iliongezewa 4,000. Mtoto mdogo wa kupelekwa kliniki alileta 4,000 nyingine, wanafunzi wa msingi 2,000 kila mmoja, na yule wa sekondari 4,000. Jumla ni 26,000. Malipo yalipangwa kutoka kila baada ya miezi miwili, hivyo siku ya malipo mama angehesabiwa 52,000. Na hata kaya iwe na watoto kumi, dari lilikuwa 38,000 kwa mwezi.

Hesabu hiyo walengwa huijua kwa kichwa. Isiyojulikana ni ile nyingine: ili hizo 52,000 zifike mkononi mwake, zimetumika ngapi njiani, na kwa kazi gani? Mtaani jibu liko tayari siku zote, kwamba hela zinaishia kwenye posho na mafuta ya magari. Kuna bajeti ambazo maneno hayo yanazifaa kabisa. Lakini kuna gharama za njiani ambazo ukizifuta, fedha haziongezeki kwa maskini bali hupotelea mahali ambapo hakuna anayeziona.

Ili tuione bajeti vizuri, tutengeneze halmashauri ya kubuni yenye vijiji 25 na kaya 2,000 za kulipwa kwa miaka mitatu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, za kukadiria, maana posho na mafuta havina bei moja kila mahali. Msomaji aangalie uwiano wa mafungu zaidi ya tarakimu zenyewe.

Kazi ya kwanza ni kupanga kiwango. Tuseme tumekadiria wastani wa 24,000 kwa kaya kwa mwezi. Kwa kaya 2,000 hiyo ni milioni 48 kila mwezi, na milioni 576 kwa mwaka. Hili ndilo fungu kubwa kuliko yote, na kosa dogo ndani yake huzidi makosa ya mafungu mengine yote yakijumlishwa. Wastani wa 24,000 umetoka wapi? Mara nyingi umetoka kwenye takwimu za wilaya nzima: watoto wangapi kwa kaya, wangapi wako shule. Lakini kaya maskini huwa na watoto wengi kuliko kaya ya kawaida ya wilaya hiyohiyo. Uandikishaji ukishakamilika, mfumo unaonyesha wastani halisi ni 26,000. Tofauti ya shilingi 2,000 inaonekana haina maana, lakini kwa mwaka ni milioni 48, yaani fedha za mwezi mzima. Hapo mhasibu ana njia mbili: kupunguza kaya zilizokwisha kuambiwa zimechaguliwa, au kusogeza mbele malipo ya mwisho wa mwaka. Ya pili haina kelele nyingi, ndiyo huchaguliwa. Ukisikia malipo ya awamu fulani “yamechelewa kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu”, wakati mwingine sababu yenyewe ilizaliwa siku ile wastani ulipokisiwa.

Kiwango pia kinahitaji kitu cha kukipimia. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2011/12 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwa Tanzania Bara kuwa shilingi 36,482 kwa mtu mzima kwa siku 28. Watoto huhesabiwa pungufu ya mtu mzima, kwa hiyo kaya ya mama yetu tuikadirie kuwa sawa na watu wazima watatu na nusu. Mahitaji yake yanafika kama 127,700. Ruzuku ya 26,000 inaziba sehemu moja ya tano ya hapo. Mtu asiseme basi ni kidogo mno haina kazi, kwa sababu mpango huu haukukusudiwa kuilisha kaya yote. Ulikusudiwa kuongezea pale vibarua na kilimo vinapoishia. Ila sehemu moja ya tano ina hatari yake: ikimomonyoka kidogo tu, inakuwa kitu cha kununua chumvi na sabuni.

Na humomonyoka kweli. Utafiti huohuo uliporudiwa 2017/18, mstari ulikuwa umepanda hadi 49,320. Kwa hiyo ruzuku iliyobaki palepale katika miaka hiyo sita ilikuwa imepoteza kama robo ya nguvu yake, bila mtu yeyote kutangaza kwamba imepunguzwa. Kenya wana mfano mrefu zaidi. Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, kiwango kilichokuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na tangu hapo bei za bidhaa kwa jumla zimekaribia kuwa mara mbili. Mzee anayepokea 2,000 leo ananunua nazo karibu nusu ya alichonunua mwenzake wakati ule. Serikali ya Kenya iliongeza idadi ya wanaolipwa, na mwaka 2018 ikaingiza wazee wote wa miaka 70 na zaidi, jambo la kupongezwa. Lakini kuongeza watu kunaonekana kwenye hotuba, na kupandisha kiwango hakuonekani, kwa hiyo la pili husubiri.

Bajeti ya kweli huliandika jambo hili tangu mwanzo. Tukikadiria bei zitapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, milioni 576 za mwaka wa kwanza zinahitaji kuwa kama milioni 599 mwaka wa pili ili kaya zilezile zinunue vilevile. Ukiona bajeti ya miaka mitatu ambayo fungu la ruzuku ni tarakimu ileile kila mwaka, umeona punguzo la ruzuku lililoandikwa kwa wino usioonekana.

Kumtafuta aliye maskini

Fungu la pili ni la utambuzi, na hapa ndipo maneno mengi ya kijijini huanzia. Utaratibu wa TASAF una hatua ambazo hazirukwi bila madhara. Kwanza huchaguliwa maeneo yatakayoingia. Kisha wawezeshaji kutoka halmashauri huitisha mkutano wa kijiji, wanaeleza vigezo, na wanakijiji wenyewe wanataja kaya zilizo duni kabisa. Kaya zilizotajwa hutembelewa na kujaziwa dodoso: paa la nini, sakafu ya nini, wanalala wangapi, mifugo mingapi, nani anasoma. Majibu yanaingizwa kwenye mfumo ambao huipa kila kaya alama kwa fomula. Mwisho orodha inarudi kijijini, inasomwa mbele ya mkutano, na watu wanakubali au wanapinga.

Katika halmashauri yetu, ili kupata kaya 2,000 itabidi kudodosa kama 3,200. Mdodosaji mmoja anamaliza kaya kumi kwa siku akijitahidi, kwa hiyo ni siku 320 za kazi. Kwa posho ya 30,000 ni milioni 9.6. Wawezeshaji wawili kwa siku tatu katika kila kijiji, kwa posho ya 80,000, ni milioni 12. Usafiri wao milioni 7.5. Mafunzo, vishikwambi na kuingiza taarifa tuweke milioni 6.9. Jumla milioni 36, au 18,000 kwa kila kaya itakayolipwa.

Milioni 36 ni nyingi? Ukizilinganisha na ruzuku ya mwaka mmoja, ni kama asilimia 6. Ukizigawa kwa miaka mitatu ambayo orodha itatumika, ni asilimia 2. Na sehemu inayoponza si hizo posho. Ni lile fungu ambalo halijaandikwa: la kurudi. Orodha ya kaya huchakaa haraka. Watu wanahama, wanafariki, mtoto anaacha shule, kijana aliyekuwa kibarua anapata duka. Mpango usiotenga fedha za kuifanyia orodha marekebisho kila mwaka hujikuta mwaka wa tatu ukilipa kijiji cha mwaka wa kwanza.

Fomula nayo si mizani ya dhahabu. Kidd na Wylde walichunguza mwaka 2011 fomula za aina hii kwa takwimu za Bangladesh, Indonesia, Rwanda na Sri Lanka, wakakuta kwamba mpango unaolenga asilimia 20 ya watu walio maskini zaidi unaweza kuwaacha nje karibu nusu yao kwa kosa la fomula peke yake, kabla hata ya upendeleo wa mtu yeyote. Sababu yake ni rahisi. Paa la bati linaweza kuwa limeachwa na marehemu mume, na aliye chini yake hana chakula cha jioni. Huko Indonesia, utafiti mwingine uliofanyika katika vijiji 640 ulilinganisha fomula na uamuzi wa wanakijiji. Fomula ilikaribia zaidi matumizi halisi ya kaya, lakini wanakijiji waliridhika zaidi na orodha waliyoitengeneza wenyewe. Kwa hiyo ule mkutano wa pili, wa kuisoma orodha hadharani, usichukuliwe kama sherehe. Ndiyo nafasi ya mjane wa paa la bati kusemewa na jirani yake. Nimeona bajeti ambazo mkutano huo umeunganishwa na wa kwanza ili kuokoa siku moja ya posho. Siku hiyo moja inaokoa milioni chache na kuleta malalamiko ya miaka mitatu.

Njia ya fedha

Sasa kaya zimepatikana, fedha zifike. Kwa muda mrefu njia ilikuwa meza: gari la halmashauri, maofisa, askari wawili, sanduku, na daftari la kuweka dole gumba. Tuihesabu. Watu saba kwa posho ya 80,000 ni 560,000 kwa siku, ongeza mafuta 120,000. Wakilipa vijiji viwili kwa siku, vijiji 25 vinachukua siku 13, na awamu moja ya malipo inagharimu milioni 8.84. Kwa awamu sita za mwaka ni milioni 53.

Njia ya simu au akaunti ya benki inaonekana kuwa ahueni kubwa. Tuseme kila muamala, pamoja na ada ya kutolea fedha ambayo mpango mzuri humwekea mlengwa juu ya ruzuku yake, unagharimu 2,400. Kaya 2,000 mara sita ni miamala 12,000, sawa na milioni 28.8. Karibu nusu ya gharama ya meza, bila sanduku la kuibiwa njiani.

Hapa kuna uamuzi mmoja ambao hufanyika haraka kuliko unavyostahili: kulipa kila mwezi au kila miezi miwili? Walengwa wengi wangependa kila mwezi, na wana hoja, kwa sababu njaa haina awamu. Lakini miamala inakuwa 24,000. Hata kama ada ya kiasi kidogo ni nafuu, tuseme 1,600, jumla inafika milioni 38.4. Nyongeza ya milioni 9.6 inatosha kulipa kaya 33 kwa mwaka mzima. Sisemi jibu ni lipi. Nasema tu kwamba anayechagua malipo ya kila mwezi ajue kwamba kuna kaya 33 mahali fulani zinazolipia uamuzi huo, na anayechagua miezi miwili ajue kwamba wiki ya saba mama yule anakopa dukani.

Ahueni ya simu ina upande ambao bajeti haiuoni. Meza ya malipo ilikuja kijijini. Wakala hayuko kila kijiji. Mlengwa anapanda bodaboda, tuseme 3,000 kwenda na kurudi, na akifika anaambiwa floti imeisha, arudi kesho. Ikiwa nusu tu ya walengwa wetu wanalazimika kusafiri, na kila mmoja anasafiri mara moja kwa awamu, nauli zao kwa mwaka ni milioni 18. Hizo hazimo kwenye kitabu cha mtu yeyote, lakini zimetoka kwenye ruzuku. Halmashauri imeokoa milioni 24 kwa kuacha meza, na milioni 18 kati ya hizo zimehamia mfukoni mwa maskini. Bado hatujagusa jamaa anayemtolea bibi fedha kwa sababu bibi hajui kubonyeza namba ya siri, naye anajikatia “ya soda”.

Kuna njia za kupunguza hasara hiyo, nazo zina bei. Unaweza kukubaliana na mawakala wachache wahamie kijijini siku ya malipo wakiwa na floti ya kutosha, na ukawalipa nauli. Unaweza kutolipa vijiji vyote siku moja. Jambo la tatu ni kutenga fedha za miamala iliyokwama, maana lazima itakuwepo. Jina kwenye laini ya simu ni Mwanaidi, kwenye orodha ni Mwanahidi, na mfumo unakataa. Laini imefungiwa kwa kutotumika. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mjukuu. Asilimia 6 ya miamala ikikwama, ni kaya 120 ambazo awamu hiyo hazijapata kitu, na kila moja inahitaji mtu wa kuifuatilia kwa jina. Kama hakuna mtu aliyetengewa kazi hiyo na muda wa maongezi wa kuifanyia, kaya hizo zitakaa bila malipo mpaka mwaka uishe, na fedha zao zitarudi zikiitwa “salio”.

Nani anaangalia

Fungu la ufuatiliaji ndilo jembamba na ndilo la kwanza kukatwa. Kwa halmashauri yetu tumeweka milioni 23.5 kwa mwaka. Ndani yake kuna ziara za kushtukiza kila awamu, mahojiano ya sampuli ya kaya 200 mara mbili kwa mwaka, kamati za vijiji za kupokea malalamiko, na marekebisho ya orodha. Kuna pia milioni 9 za kazi moja kubwa: fomu za masharti. Mpango unaodai watoto wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku na wadogo wapelekwe kliniki lazima ukusanye mahudhurio, awamu baada ya awamu, kutoka kila shule na kila zahanati. Fomu zinachapwa, zinapelekwa, walimu wanajaza, zinarudi, zinaingizwa kwenye mfumo.

Kama lazima kitu kikatwe, mimi ningeanza na hizo milioni 9. Morocco, katika mpango wa Tayssir, walijaribu njia mbili. Kaya nyingine zilipewa fedha kwa masharti ya mahudhurio, nyingine zilipewa fedha zikaambiwa tu kwamba ni kwa ajili ya masomo ya watoto. Mahudhurio yalipanda sana kwa wote, na masharti hayakuongeza chochote cha maana, isipokuwa gharama. Shule za kwetu si za Morocco, na wapo watakaobisha kwamba bila masharti walipa kodi hawataukubali mpango. Hiyo ni hoja ya siasa na ina uzito wake, lakini basi iandikwe kuwa bei ya siasa.

Nisichoweza kukikubali ni kukata ziara na mahojiano. Katikati ya miaka ya 2010 uhakiki wa TASAF uliziondoa kwenye orodha zaidi ya kaya 50,000 ambazo hazikustahili kuwemo. Kulikuwa na waliofariki, waliohama, na ambao hawakuwa maskini. Zile watu walizoziita “kaya hewa” hazikugunduliwa kwa kompyuta pekee. Watu walikwenda kuangalia.

Kaya hewa zina dalili, na mtu anayekaa na orodha kwa utulivu huziona. Namba moja ya simu inapokea kwa kaya tatu. Fedha zilizotumwa kwa simu hazijatolewa kwa awamu mbili mfululizo, jambo ambalo kwa kaya yenye njaa haliwezekani. Ipo pia dalili ninayoiamini kuliko zote: orodha haina vifo. Kaya nyingi zinazolengwa zinaongozwa na wazee. Kijiji chenye walengwa 80 kisichoripoti hata kifo kimoja kwa miaka miwili hakijabarikiwa afya. Kuna mtu anapokea kwa niaba ya marehemu. Daftari la malalamiko lililo tupu nalo lisimfurahishe mtu; maana yake mara nyingi ni kwamba daftari liko kwa yuleyule anayelalamikiwa.

Hesabu inayodanganya

Sasa tujumlishe mwaka wa kwanza. Ruzuku milioni 576, utambuzi 36, kufikisha 28.8, ufuatiliaji 23.5, na tuweke 30 za watumishi na ofisi. Bajeti nzima ni milioni 694.3, na gharama za kuendesha ni 118.3. Zigawe kwa ruzuku, unapata kwamba kila shilingi 100 za kaya zimegharimu 20.50 kuzifikisha. Zigawe kwa bajeti nzima, unapata 17. Zote ni sahihi. Kwenye taarifa kwa vyombo vya habari hutokea ya pili.

Mwaka wa pili utambuzi haupo, gharama zinashuka hadi milioni 82.3, na uwiano unakuwa 14.3. Hakuna aliyejirekebisha, kazi ya mwanzo imekwisha tu. Mexico walipoanzisha Progresa mwaka 1997, mwaka wa kwanza kila peso iliyofika kwa kaya iligharimu zaidi ya peso moja kuifikisha. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa kama senti tano. Aliyeuhukumu mpango ule kwa mwaka wake wa kwanza angeufunga. Kwa hiyo anayekuonyesha gharama za mwaka mmoja tu, muulize ni mwaka wa ngapi.

Mtego mkubwa zaidi ni huu. Mwaka wa pili bosi mmoja anaamua kubana matumizi, anakata ufuatiliaji kutoka milioni 23.5 hadi 8. Uwiano unashuka kutoka 14.3 hadi 11.6, anapigiwa makofi. Bila ziara, kaya hewa zinafika asilimia 3, yaani 60, na kila moja inachukua 288,000 kwa mwaka. Ni milioni 17.28, zaidi ya zile milioni 15.5 alizookoa. Lakini kwenye hesabu ya uwiano fedha za kaya hewa zimeandikwa kuwa ruzuku iliyofika! Hazionekani kama hasara. Zinaonekana kama mafanikio. Ukizitoa kwenye ruzuku na kuziweka upande wa gharama, ambako ndiko kwao, uwiano halisi unakuwa 15. Mpango uliobana matumizi umekuwa ghali kuliko ule wa kabla.

Ndiyo maana uwiano mzuri peke yake haunishawishi. Unapimwa kwa fedha zilizotoka, na unawaamini wote waliozipokea. Hauoni nauli ya bodaboda, hauoni kiwango kilichomomonyoka, hauoni mjane aliyeachwa nje. Bajeti ambayo ruzuku yake hupanda na bei, ambayo ina siku ya mkutano wa pili, mtu wa miamala iliyokwama na mafuta ya ziara za kushtukiza, itaonekana ghali kidogo kuliko ya jirani. Hiyo ndiyo ningeipitisha.

Na kwa wewe unayehudhuria mkutano wa kijiji au unayemjua diwani wako: safari ijayo taarifa ya malipo ikisomwa, usiishie kusikiliza jumla ya fedha zilizotumwa. Omba usomewe miamala mingapi ilikwama, walengwa wangapi wamefariki tangu mwaka jana, na nani sasa anapokea mahali pao.